Kadi ya mteja isiandikwe bei

Swali: *Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kiswahili wageni sita hapa Mikocheni, wako wiki ya nne. Nimewaandalia kadi za maigizo za kuagiza chakula na kuuliza bei, moja ya mteja na moja ya muuzaji, mazungumzo yote yameandikwa. Darasani wanasoma vizuri, dakika moja wamemaliza. Jumamosi nikawapeleka kwa mama ntilie, wote wakaduwaa. Mmoja aliambiwa chapati mia tano, akatoa noti ya elfu tano. Kadi zangu zina kasoro gani, na nyingine nizitengeneze vipi?*

Jibu: Marahaba. Kasoro umeitaja mwenyewe: mazungumzo yote yameandikwa. Mtu aliyeshika sentensi mkononi hana sababu ya kumsikiliza mwenzake, anasubiri tu zamu yake ya kusoma. Na anayesoma "Wali nyama shilingi ngapi?" huku jibu limeandikwa mstari wa chini hajauliza kitu, maana bei anaiona. Kwa hiyo walichokifanya darasani kwako ni kusoma kwa sauti. Kwa mama ntilie hakuna cha kusoma.

Kadi inayofanya kazi humpa kila mmoja kitu ambacho mwenzake hana. Muuzaji anajua bei na anajua kipi kimeisha. Mteja anajua ana hela kiasi gani na anahitaji nini. Hakuna anayeweza kumaliza jambo lake bila kufungua mdomo, na akishafungua lazima asikilize jibu, kwa sababu jibu halipo kwenye kadi yake. Mengine nitakayokueleza yanatoka hapo.

Tuanze na namna ya kuzitengeneza. Chukua karatasi ya manila, ikate vipande vya ukubwa wa robo ya A4. Kwenye kadi ya mteja usiandike sentensi hata moja ya Kiswahili. Chora. Ninayoitumia mimi ina vichwa vya watu wawili, noti iliyoandikwa 10,000, kichwa cha ng'ombe kilichopigwa alama ya kukatazwa juu ya mtu mmoja, chupa mbili za soda ambazo moja ina barafu, na chini kuna picha ya daladala pamoja na 3,000. Maana yake: mko wawili, mna elfu kumi, mmoja hali nyama, mnataka soda mbili lakini moja tu ndiyo iwe baridi, na ibaki elfu tatu ya nauli na mengineyo. Ukiona picha hazitoshi, waandikie maelezo kwa lugha yao. Najua kuna walimu wanaoona lugha ya mgeni kwenye kadi ya Kiswahili ni dhambi. Mimi sioni hivyo. Ukimwandikia kwa Kiswahili "Agiza soda mbili, moja baridi", umeshampa maneno yote, atabadilisha neno moja na kazi imekwisha.

Kadi ya muuzaji ina majina ya vyakula kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo vinavyoandikwa kwenye vibao vya mtaani, na bei kwa tarakimu tupu. Usiandike "elfu mbili mia tano", andika 2,500. Muuzaji naye ni mwanafunzi, acha ahangaike kuigeuza namba kuwa maneno. Kisha kila kadi ya muuzaji iwe na kikwazo kimoja. Kimoja kinatosha; ukiweka viwili kwa watu wa wiki ya nne wanarudi kwenye Kiingereza.

Una wageni sita, kwa hiyo wauzaji watatu na wateja watatu. Hizi ni kadi tatu za wauzaji. Bei nimezipanga kwa ajili ya zoezi, wewe zilinganishe na za mtaa wako.

*Muuzaji wa kwanza, mama wa makamo:* wali maharage 2,500, wali nyama 4,000 (imepigwa mstari, imeisha), chapati 500, soda 1,000.

*Muuzaji wa pili, dada wa umri wenu:* wali maharage 2,000, wali nyama 3,500, soda 700. Huna sarafu ya 100.

*Muuzaji wa tatu, kaka wa chipsi:* chipsi kavu 2,500, chipsi mayai 3,500, soda 1,000. Soda zote ni za baridi.

Wauzaji wanakaa, wateja ndio wanaozunguka. Kila mteja ana kipande cha karatasi na penseli, anapita kwa wote watatu, dakika tatu kwa kila mmoja, anauliza bei na kuziandika. Akimaliza anakaa chini apige hesabu, kisha anarudi kwa muuzaji mmoja aliyemchagua, anaagiza na kulipa kwa noti yake ya karatasi. Zoezi zima ni kama dakika ishirini. Linganisha na dakika moja ya kadi zako za zamani.

Tumfuate mteja mmoja. Kwa mama wa makamo anaanza na shikamoo, na hilo ndilo lililonifanya niandike umri kwenye kadi: bila umri, kila mtu anasema "habari" na mambo yanaisha. Anauliza, "Wali nyama shilingi ngapi?" Anajibiwa, "Nyama imeisha." Hili hakulitegemea, na macho yanamtoka. Hapo usimsaidie haraka, mpe sekunde tano. Atauliza kingine. Wali maharage elfu mbili mia tano, soda elfu moja. Kwa watu wawili ni 5,000 na soda mbili 2,000, jumla 7,000, chenji 3,000. Inatosha barabara, ila yule anayekula nyama hajala nyama. Kwa dada, wali maharage 2,000, wali nyama 3,500, soda mbili 1,400, jumla 6,900, chenji 3,100. Kila mtu amepata chake, lakini ile mia dada hana, anatoa pipi. Mteja akikubali sawa, akikataa ndio mazungumzo yanaanza. Kwa kaka wa chipsi, kavu moja na mayai moja na soda mbili ni 8,000, nauli inapungua. Wakichukua kavu mbili ni 7,000, inatosha. Na ile soda isiyo ya baridi hakuna.

Umeona kwamba hakuna jibu moja sahihi? Nimepanga hivyo makusudi. Mteja analazimika kuamua, na baadaye ukimwuliza "Umenunua kwa nani? Kwa nini?" ana la kusema hata kama ni maneno matatu.

Sasa kwenye hiyo elfu tano ya chapati. Hili ndilo ningelitilia mkazo kuliko yote, maana halitokani na uzembe wa mwanafunzi, linatokana na jinsi namba zetu zilivyopangwa. Sisi tunataja kwanza mia au elfu, halafu ngapi: mia tano, elfu tano. Lugha za wageni wengi wanaokuja Dar hutanguliza idadi. Kwa hiyo sikio la mgeni linawinda ile "tano", likiipata linatulia, na neno lililotangulia limeshapita bila kusajiliwa. Mia tano na elfu tano kwake zinaisha kwa sauti moja.

Bei yenye sehemu mbili ndiyo inayowavuruga zaidi. Niliwahi kumwambia mwanafunzi "elfu mbili mia tano", akaandika 1,205. Nilidhani hakusikia, nikarudia, akaandika vilevile. Nilipomwomba anieleze ndipo nikaelewa: alisikia elfu, kisha "mbili mia" akaifanya mia mbili kwa mpangilio wa lugha yake, kisha tano. Alisikia kila neno, alichokosea ni mahali pa kukata. Tangu siku hiyo makosa ya bei nayasoma kwenye vile vipande vya karatasi kama daktari anavyosoma majibu ya maabara. Namba ikikosewa mara kumi, 5,000 badala ya 500, amekosa neno la kwanza. Ikitoka kitu cha ajabu kama 1,205, amekata vibaya. Ikiwa mpangilio ni mzuri lakini tarakimu siyo, 6,700 badala ya 7,700 au 3,000 badala ya 5,000, basi ni zile namba zinazofanana masikioni mwao: sita, saba na tisa upande mmoja, tatu na tano upande mwingine. Makosa matatu, dawa tatu tofauti. Ukimwambia tu "umekosea, sikiliza tena" hujamtibu.

Kwa anayekata vibaya, mtamkie bei ukitumia mkono: kofi moja la meza kwa "elfu mbili", jingine kwa "mia tano". Dakika mbili kabla ya zoezi zinatosha. Kwa anayekosa neno la kwanza, mpe jozi kwenye kadi: chapati 500 na kuku 5,000 kwa muuzaji huyohuyo. Kwa anayechanganya tarakimu, panga bei za muuzaji ziwe 600, 700 na 900 ili asiweze kubahatisha.

Na wote, bila kubagua, wafundishe kurudia bei kabla ya kutoa hela. Muuzaji akisema "Mia tano", mteja anasema "Mia tano?" na kusubiri. Mimi huliweka kama sharti: muuzaji haruhusiwi kupokea noti kama bei haijarudiwa. Yule mgeni wako angefanya hivyo Jumamosi, mwenyewe angesikia anachosema. Hata sisi hurudia bei tukishtuka, kwa hiyo halitaonekana jambo la kigeni.

Kuna jambo la pili ambalo naona kadi nyingi zinaliharibu, nalo ni upatanisho. Mwalimu anapanga orodha ya vyakula anavyovipenda: mayai, mishikaki, vitumbua, soda, samaki. Mwanafunzi anataka viwili viwili. Ghafla anahitaji mayai mawili, mishikaki miwili, vitumbua viwili, soda mbili, samaki wawili. Neno moja "mbili" limemgeukia sura tano, na zoezi la bei limekuwa mtihani wa ngeli. Seti ya kwanza jaza vyakula ambavyo namba yake inabaki ile waliyojifunza kuhesabia: soda, chapati, ndizi, chipsi, supu. Soda mbili, chapati tatu, ndizi nne. Ukiangalia kadi zangu tatu, vitu pekee vinavyoagizwa kwa kuhesabu ni soda, chapati na chipsi. Wali unahesabiwa kwa sahani, na sahani nayo ni sahani mbili. Haikutokea kwa bahati.

Vivyo hivyo kwenye kuuliza kama kitu kipo. "Wali upo? Chipsi zipo? Samaki wapo? Maharage yapo?" Mwache mwanafunzi aseme "Kuna wali? Kuna chipsi?" kwa sasa, ataeleweka popote kuanzia Tegeta hadi Mbagala. Lakini muuzaji ajibu kwa lugha ya kweli: wali umeisha, chipsi zimeisha, maharage yameisha. Mteja hahitaji kuyatamka hayo wiki ya nne, anahitaji kulisikia lile "-meisha" na kujua kwamba aagize kingine. Kwa kuwa muuzaji naye ni mwanafunzi, hapa tu ndipo ninaporuhusu sentensi nzima kwenye kadi: mwandikie "Nyama imeisha" jinsi ilivyo. Mayai mawili na mishikaki mitatu yaje seti ya pili, wiki mbili baadaye, wakiwa wameshazoea bei.

Ile soda ya moto usiipite. Kwetu "ya moto" maana yake haikuwekwa kwenye friji, lakini mgeni anayeulizwa "Ya baridi au ya moto?" anafikiria soda iliyochemshwa, anacheka, au anadhani hakusikia. Hili huwezi kulieleza likaingia. Weka chupa mbili mezani, moja imetoka kwenye friji, nyingine ilikaa kabatini, wazishike.

Sasa maneno ya kuagizia. Wape "naomba" peke yake: naomba wali maharage, naomba soda mbili. "Nataka" watalipata wenyewe, na wakilizoea mapema kulitoa ni kazi. Kwa upande wa muuzaji, mfundishe kwa mdomo maswali mawili ambayo mteja hana budi kuyajibu: "Unakula hapa au nikufungie?" na "Pilipili nikuwekee?" Hayo ndiyo yaliyowaduwaza Jumamosi, nina hakika, kuliko hata bei. Mgeni anajiandaa na swali lake, hajiandai na la mwenzake.

"Punguza bei" iondoe kabisa kwenye kadi za chakula. Naiona kwenye kadi za watu wengi kwa sababu inachekesha darasani. Lakini sahani ya wali haipatanwi, na mgeni akimwambia mama ntilie apunguze anamkwaza. Kupatana kuna mahali pake, kwenye nguo au mafungu ya nyanya na maembe sokoni, na kunastahili seti yake. Za mtaani, jero kwa 500, buku kwa 1,000, buku jero kwa 1,500, msimbazi kwa ile noti nyekundu ya 10,000, wazisikie tu kwa muuzaji wa chipsi raundi ya mwisho. Wasizitumie wao, maana mgeni anayesema "buku" lakini hajui kusema "elfu moja na mia mbili" atakwama mbele ya mtu mzima.

Raundi ya pili, wateja wakigeuka kuwa wauzaji, utakutana na tatizo dogo ambalo mimi nililigundua nikiwa nimeshachelewa: bei zote wameshazijua, hivyo hakuna cha kuuliza. Andika bei kwa penseli, ubadilishe wakati wanabadilishana viti. Na usiwabadilishie vyakula, bei tu. Kufanya jambo lilelile mara ya pili kwa namba mpya ndiko kunakowalegeza ndimi; utasikia "shilingi ngapi" inatoka bila kuitafuta.

Kutoka nje mlikosea saa, nadhani. Kama mlikwenda mchana wa saa saba, mama ntilie ana watu kumi na tano mbele yake na mwiko mkononi, hana nafasi ya kumsubiri mtu atafute neno. Nendeni saa nne asubuhi, wakati wa chai na chapati, au saa tisa alasiri foleni ikiisha. Wewe nenda siku moja kabla, ongea naye: mwombe asiwajibu kwa Kiingereza hata akikijua, na asiwaoneshe bei kwa vidole. Kila mgeni awe na kadi ndogo yenye picha tatu tu. Aulize bei ya vitu vitatu, aziandike, anunue kimoja. Wewe kaa meza ya mbali, agiza chai yako, usisogee.

Kisha kabla hajaonja alichonunua, mama ntilie akatazame zile bei tatu kwenye karatasi na aweke tiki au msalaba. Wa kwangu siku hizi huchukua kalamu mwenyewe kabla sijamwomba, na mwanafunzi akiandika chapati 5,000, mama humwambia, "Basi leta, nami leo nifunge duka mapema."